Tabibu Asiyeweza Kuambiwa

Kisiwa kizima kiliomba miaka miwili kiletewe tabibu, na Mungu akasikia, akawaletea mtoto wao wenyewe. Maka aliposhuka melini na cheti chake, walichinja nguruwe kumi na wanane, wazee wakalia machozi, na mchungaji akahubiri mpaka watoto wakalala. Sasa tazama akili za watu. Katika furaha yote ile, hakuna hata mmoja aliyejiuliza wanawake watamwambiaje mambo yao.

Maana kwa Watonga wa visiwa vya Pasifiki, kaka na dada hawazungumzi mambo ya chumbani. Hawataniani, hawakai pamoja kutazama filamu ya watu wanaobusiana, na kaka haingii anakolala dada yake hata nyumba ikishika moto. Atasimama nje apige kelele. Na binamu naye ni dada vilevile, wa karibu na wa mbali. Katika kisiwa cha nyumba sitini Maka alikuwa na dada wengi kuliko dawa. Walimpelekea watoto wenye kikohozi, waume waliojikata mapanga, na bibi zao wenye sukari. Ya kwao wenyewe wakabaki nayo.

Lesieli ndiye aliyebanwa zaidi, kwa sababu yeye na Maka walitoka tumbo moja. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, mkubwa kwa Maka kwa miaka minane, na ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Tangu mwezi wa tatu alikuwa akitokwa na damu kila alipolala na mumewe. Haikuwa damu ya kutisha, matone tu mekundu kwenye shuka, kisha inakatika. Hedhi yake ilikuja kwa siku zake kama kawaida. Hakuwa na maumivu. Hilo ndilo lililomfanya ajidanganye miezi mitano.

"Tena?" aliuliza Fe'ao, mumewe, asubuhi moja alipomwona anakunja shuka.

"Tena."

"Ni mimi ninayekuumiza?"

"Huniumizi. Na uache kunishika kama yai."

"Basi nenda kwa Maka."

Lesieli akamgeukia. "Niende nikamwambie nini? 'Kaka, nikilala na mume wangu natoka damu'? Wewe una wazimu, Fe'ao? Nitoe maneno hayo mdomoni, halafu Jumapili nikae naye kanisani?"

Fe'ao akashika ncha ya pili ya shuka, wakaikunja pamoja. Alikuwa mtu mkubwa, mabega kama mlango, na miezi saba ya mwaka uliopita aliimaliza Australia akichuma matufaha. Ndiyo maana ndimi za kijiji zilikuwa tayari kusema kaleta kaugonjwa kutoka huko. Lesieli mwenyewe alimuuliza mara moja, uso kwa uso. Fe'ao akaapa kwa kaburi la mama yake, halafu akaenda nyuma ya nyumba akalia. Hakumuuliza tena.

Lakini ugonjwa wa kuletewa haukuwa ndio uliomnyima usingizi. Angeusamehe, angemeza vidonge, yakaisha. Kilichomnyima usingizi ni mama yao. Mama naye alianza hivyohivyo, damu kidogo baada ya kulala na baba, akasema ni damu ya uzee tu, itakauka. Akaificha mwaka mzima. Waliposafiri kwenda hospitali, daktari alisema saratani imetoka kwenye mlango wa kizazi na imeshasambaa. Maka alikuwa na miaka kumi na minne. Siku ya maziko alisimama kaburini akasema atasomea utabibu, ili mwanamke mwingine wa kisiwa hiki asife hivi. Akasoma kweli. Na sasa alikuwa pale, mita mia mbili kutoka nyumbani kwa dada yake, na dada yake hawezi kumwambia. Sijui kama kuna uchungu wa kijinga kuliko huo.

Fe'ao akaona bora ajaribu mwenyewe. Alhamisi wanaume walipokuwa wanakunywa kava, kile kinywaji chao cha mizizi, akajisogeza karibu na Maka, akakohoa.

"Shemeji," akasema.

"Naam, shemeji."

"Kuna jambo. La nyumbani kwangu."

"Sema, shemeji."

Fe'ao akamtazama kaka wa mkewe, akaona maneno "dada yako" na "kitanda" hayawezi kukaa sentensi moja hata kwa kulazimishwa. "Pampu," akasema. "Pampu yangu ya maji inavuja."

Kesho yake asubuhi Maka akaja na spana akakaza pampu iliyokuwa haina kasoro yoyote. Lesieli aliyaona yote hayo dirishani, akacheka mpaka akashika ubavu, halafu akakaa chini akalia, maana alijua sasa amebaki peke yake.

Ni hapo alipomwendea Pisila. Pisila alikuwa mke wa Maka, mtu wa kuja, amezaliwa kisiwa kingine mbali kaskazini, na mdomo wake haukuwa na breki. Walikuwa wawili tu katika nyumba ya kusukia mikeka, wengine wamekwenda kuanika majani ya mkadi, na mkeka mkubwa umelala kati yao.

"Wifi," Lesieli alisema bila kuinua macho, "mama yako aliwahi kutoka damu baada ya... baada ya kulala na mumewe?"

Vidole vya Pisila vikasimama. "Mama yangu hapana. Nani anatoka?"

"Mtu."

"Huyo mtu ana miaka arobaini na mitatu na anasuka mkeka umepinda tangu asubuhi?"

Lesieli akautazama mkeka. Kweli ulikuwa umepinda. Yakamtoka yote, miezi mitano, na mama, na usiku anaomba Mungu damu isije halafu inakuja. Pisila hakumkatiza, na kwa Pisila hiyo ilikuwa kazi kubwa.

"Na hukuniambia!" akasema mwishoni, machozi yanamtoka na hasira zimempanda. "Mimi nalala na tabibu, wifi! Kila usiku! Ulidhani tunazungumza viazi vikuu?"

"Usimwambie ni mimi. Nakuomba. Atakufa kwa aibu, nami nitakufa kabla yake."

"Wacha Mungu hawa! Mnafia heshima huku mnaimba nyimbo za Mungu." Akajifuta macho kwa kiganja. "Sitakutaja. Lakini mficha uchi hazai, wifi, na wewe unaficha tangu mwezi wa tatu."

Pisila alitimiza ahadi kwa namna yake. Asubuhi iliyofuata alikuja mbio kumsimulia Lesieli, kanga ya kichwa imekaa upande. Alikuwa amemwambia Maka, wakinywa uji, kwamba yuko mwanamke kijijini anatoka damu baada ya kulala na mumewe, miezi mitano sasa. Maka akaacha kijiko. Akauliza, hedhi yake je, anapata maumivu, anatumia dawa gani ya kuzuia mimba, kama ana mimba. Pisila akajibu alichojua. Kisha Maka akasema, "Mlete zahanati leo hii. Jambo hilo halingoji." Pisila akamwambia, "Huwezi kumwona." Maka akasema, "Nimeona wanawake wengi chuoni." Pisila akasema tena, polepole, "Huyu, Maka, wewe huwezi kumwona."

"Akasemaje?" Lesieli aliuliza.

"Alikaa. Uji ukapoa. Halafu akaniuliza, 'Ni damu ya namna ya mama?' Nikamwambia sijui, mimi sikumjua mama yako. Akainuka akaenda kwenye simu ya zahanati, akafunga mlango."

"Basi amejua."

"Amejua. Lakini hakutaja jina na hatalitaja, kwa hiyo huna habari kwamba anajua, na yeye hana habari kwamba una habari. Nyie watu mnachosha."

Siku ya tisa boti ikamleta nesi Losaline kutoka hospitali ya kisiwa kikubwa. Alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, mzaliwa wa mbali, hana ndugu wala nusu ndugu pale. Siku hiyohiyo, kabla jua halijapanda, Maka alibeba jembe akaenda shambani upande wa pili wa kisiwa. Mtu ambaye hakuwahi kupalilia tangu arudi! Zahanati aliiacha imefagiwa, vyombo vimechemshwa, kitanda kimetandikwa shuka mpya, na pazia limetundikwa dirishani kwa misumari. Lesieli alipoliona lile pazia moyo ulimjaa. Alijua ni mikono ya nani.

Losaline alimkalisha kwanza, akamwuliza maswali bila haraka na bila kuona haya. Akampima mimba, haikuwepo. Lesieli akajibu yote, kisha akatoa swali lililokuwa limemkaba.

"Ni kama ya mama yangu?"

"Sijui bado," Losaline alisema. "Nikikuambia hapana kabla sijaangalia nitakuwa mwongo. Damu ya namna hii ina sababu nyingi, mama. Pengine ni maambukizi, na hayo yanatibika. Pengine ngozi laini ya ndani ya mlango wa kizazi imetokeza nje, ikiguswa inatoa damu, na hiyo si hatari. Pengine ni ukavu, umri ukisogea. Pengine kumeota kinyama. Walio wengi wanaokuja na shida hii hawana saratani. Lakini wachache wanayo, na kwa nje huwezi kuwatofautisha. Ndiyo maana lazima mtu aangalie. Hata ikitokea mara moja ikakoma, njoo uangaliwe."

"Kuna vile vijiti vya pamba, Maka... tabibu alitangaza kanisani. Mtu anajipima mwenyewe, vinatafuta kirusi. Nilisema labda nitumie kile, nisivue nguo."

"Kile ni cha mtu asiye na dalili. Wewe unatoka damu. Kijiti nitachukua, lakini macho yangu lazima yafike."

Lesieli akalala. Akatazama dari, akaona nyufa tatu, akaanza kumsalia kila mtu aliyemjua aliyekufa. Chombo kilikuwa cha baridi kidogo. Losaline alimwambia kila hatua kabla ya kuifanya, apumue, alegeze magoti. Akachukua vijiti, kimoja cha kile kirusi kinacholeta saratani, kingine cha magonjwa ya zinaa. Kisha akakaa kimya muda mrefu na kurunzi yake.

Ule ukimya Lesieli hataki kuusikia tena maisha yake yote.

"Aha," Losaline akasema. "Kumbe ni wewe."

"Nani?"

"Kinyama. Kidogo kama punje ya mahindi, chekundu, kinaning'inia kwenye mlango wa kizazi. Nikikigusa kinatoa damu. Sehemu nyingine yote ni laini, ya waridi, sioni kidonda. Nitakikamata nikisokote kitoke. Utasikia kama hedhi inakuvuta kidogo."

Kikatoka kabla Lesieli hajamaliza kusema Mungu wangu. Losaline akagusisha dawa mahali pale damu ikakata, akakitia kile kinyama kwenye chupa yenye dawa. Lesieli akainuka kukitazama. Kitu hicho! Kitu cha kutupia kuku ndicho kilichomfanya aandike moyoni wosia wa mikeka yake.

"Usisherehekee bado," Losaline alisema, ingawa alikuwa anatabasamu. "Kwa macho ni chema, na karibu vyote ni vyema. Lakini kinakwenda maabara mji mkuu, na vijiti pia. Wiki tatu. Na mumeo alale upande wake siku chache."

Lesieli alifungua mlango, akakuta kibarazani wanawake wanne wamekaa na mikoba yao kama wanasubiri boti. Nyuma yao wanakuja wengine. Hakuna aliyewaita. Walimwona Maka na jembe, walimwona nesi mgeni, wakajumlisha. Mke wa mchungaji alikuwa wa mbele.

"Mimi nimekuja kupima presha tu," mke wa mchungaji alisema.

"Na mimi presha," akasema wa pili.

"Presha zenu zote zinapimwa mmevua?" aliuliza Pisila, aliyekuja kumsubiri wifi yake, na kibaraza kizima kikaangua kicheko. Mpaka jioni Losaline alikuwa ameona wanawake ishirini na sita. Maka katika miaka mitatu alikuwa ameona wanne, wote watu wa kuja. Daftari la wagonjwa lilibaki mezani, na Maka aliporudi na jembe lake safi bila chembe ya udongo, Pisila anasema alikaa nalo muda mrefu akifunua kurasa.

Wiki tatu zile Lesieli alisuka vibaya, akapika vibaya, akagombana na Fe'ao kwa ajili ya chumvi. Majibu yalipitia kwenye simu ya Pisila, maana Losaline alikuwa mwerevu na hakupiga ya zahanati. Pisila aliingia nyumba ya kusukia bila kuvua ndala, jambo ambalo hata watoto hawathubutu.

"Wifi! Kinyama ni cha kawaida! Hakina saratani! Kirusi hakuna, ugonjwa wa zinaa hakuna, hakuna kitu! Mlango wako wa kizazi ni mzuri kuliko wa kanisa!"

Wanawake wote wakasikia, na Lesieli hakujali hata kidogo. Alilala chali juu ya mkeka aliokuwa anausuka akacheka na kulia kwa pamoja. Miezi sita ilimtoka kifuani. Fe'ao alipoambiwa alicheza ngoma ya vita peke yake jikoni mpaka akavunja bakuli, kisha akamuuliza kwa sauti ndogo kama sasa anaruhusiwa kurudi upande wa kulia wa kitanda. Akaruhusiwa. Damu haikuja, si siku hiyo wala baadaye.

Mke wa mchungaji ndiye aliyekutwa na kirusi. Alikwenda hospitali kwa boti, wakamwangalia, wakaona chembe zimeanza kugeuka lakini hazijawa saratani, wakazichoma kwa joto dakika chache, akarudi na tikiti maji begani. Alisema saratani ingechukua miaka mingi, lakini ingefika.

Mwezi uliofuata, katika mkutano wa kijiji, Maka alisimama. Alisema ameandika wizarani kuomba ahamishwe kituo. Yeye aende kule kaskazini alikotoka mkewe, nesi Losaline aje hapa. Alisema ni mambo ya kazi.

Loo, ukumbi ulilipuka. Mzee wa kijiji akasimama na fimbo yake. "Tulikuombea miaka miwili! Tumekukosea nini? Kule ni siku tatu kwa meli!" Wengine wakasema ni Pisila, anamvuta kwao. Pisila, aliyekuwa akilia wiki nzima kwa kukiacha kisiwa hiki, akatazama chini na kwa mara ya kwanza maishani hakujibu.

Maka alisimama akiangalia mkeka, ameinamisha kichwa, anapokea kila tusi.

Mzee akageuka. "Lesieli," akasema, "wewe ni dada mkubwa. Kwetu neno la dada, kaka halikatai, hata awe na vyeti vingapi. Mwambie abaki, na mambo yaishe hapa."

Macho yote yakamgeukia Lesieli. Na ilikuwa kweli. Neno moja tu na Maka angebaki mpaka azeeke. Ni mdogo wake wa pekee, aliyemwogesha, aliyemchania nywele aende shule wiki ile ya matanga. Mara ngapi angemwona tena, mara moja kwa mwaka? Alitamani sana kulisema. Mimi ningelisema. Akasimama, akamtazama Maka kwa umbali ule ule wa heshima waliokaa nao maisha yao yote.

"Aende," alisema.

"Lesieli!"

"Nimesema aende. Na yule nesi aletwe upesi."

Mzee akafungua mdomo kuuliza kwa nini, lakini mke wa mchungaji alikuwa ameshasimama mbele ya mumewe na waumini wote. "Aende," akasema. Kisha akasimama mwanamke mwingine nyuma, na mwingine karibu na mlango, na vikongwe wawili wakishikana mikono, mpaka wanaume wakabaki wamekaa peke yao, wanatazamana.

Maka hakuinua kichwa.

"Nimesikia, dada," alisema, na akaketi.